Maswali ya moduli ya majeraha ya moto: mtoto aliyemwagikiwa chai, saa kwa saa

Haya ni maswali ambayo wanafunzi wangu wa uuguzi hapa Nairobi huyauliza kila muhula tukifika moduli ya majeraha ya moto. Badala ya kuyajibu hewani, nimeyafunga kwenye kisa kimoja. Ni kisa cha kufundishia, lakini aliyefanya kazi wodi ya watoto katika mji huu atamtambua mtoto huyu mara moja.

Mtoto wa kiume, miezi 20, kilo 12. Nyumba ni ya chumba kimoja Kawangware, jiko liko sakafuni karibu na kitanda. Saa moja kamili asubuhi anavuta sufuria ya chai iliyotoka kuchemka. Inamwagikia shingoni, kifuani, mkono wa kushoto kutoka begani hadi kifundo na paja la kulia. Jirani anammwagia maji ya jerikeni, kisha mwingine anampaka dawa ya meno. Wanakwenda kliniki ya mtaani, wanaambiwa waende hospitali kubwa, wanapanda boda boda. Wanafika saa tatu na nusu. Kanula inaingia saa nne kamili.

Kwa nini unatuuliza saa aliyoungua kabla hata ya jina lake?

Jina halibadilishi kasi ya dripu, saa inabadilisha. Mtu akiungua sehemu kubwa, mishipa midogo ya damu huanza kuvuja. Maji na chumvi hutoka ndani ya mishipa na kuingia kwenye nyama, na ndiyo maana mgonjwa huvimba huku damu yake ikipungukiwa maji. Uvujaji huu huwa mkali zaidi katika saa za mwanzo, halafu hupungua taratibu hadi siku ya pili. Mtoto wetu alianza kuvuja saa moja asubuhi. Mwili wake haukungoja tumfungulie faili.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mama ni hili: "Mama, chai ilimwagika saa ngapi?" Akijibu "asubuhi," usiandike asubuhi. Muulize kama baba alikuwa ameshatoka kwenda kazini, kama watoto wakubwa walikuwa wameenda shule, redioni kulikuwa na nini. Mama mmoja aliwahi kuniambia, "Sista, taarifa ya habari ndiyo ilikuwa inaanza," na hiyo ni saa ya kutosha kabisa.

Eneo lililoungua tunalipimaje? Mimi nilipata 24, wewe ukapata 18.

Swali hili huulizwa kila mwaka, na jibu karibu kila mara ni lile lile: ulihesabu wekundu. Ngozi iliyobadilika rangi tu, bila lengelenge na bila kuchubuka, haihesabiwi. Inauma, lakini haivuji kiasi cha kuhitaji dripu. Mtoto huyu alikuwa na ngozi ya tumbo iliyoiva hivyo bila kuchubuka, nawe ukaijumlisha.

Kanuni ya tisa, ile inayompa mtu mzima asilimia 9 kwa kila mkono na 18 kwa kila mguu, usiitumie kwa mtoto wa umri huu. Kichwa chake ni kikubwa na miguu ni mifupi. Kwa mtoto wa mwaka mmoja kichwa peke yake ni kama asilimia 17. Tumia chati ya Lund na Browder iliyobandikwa ukutani, ile yenye michoro miwili ya mwili, mbele na nyuma. Kwa mtoto huyu nilipata hivi: mbele ya shingo 1, nusu ya upande wa mbele wa kiwiliwili karibu 7, mkono wa juu kuuzunguka wote 4, kigasha chote 3. Paja lilikuwa na kiraka kisicho na umbo maalum, nikakipima kwa kiganja chake mwenyewe pamoja na vidole, ambacho ni karibu asilimia 1. Viganja vitatu. Jumla 18.

Kiganja ni cha mgonjwa, si chako. Nimeona mtu akimpima mtoto kwa kiganja chake cha utu uzima, akaandika asilimia 6.

Na futa dawa ya meno kwanza. Huwezi kupima usichokiona. Siku nyingine utakuta yai, unga, asali, hata manyoya ya sungura. Vyote vinatoka kwa maji safi na uvumilivu, baada ya dawa ya maumivu. Usimkaripie mama wakati huo, maana unahitaji akuambie ukweli kuhusu saa.

Hesabu yenyewe ya maji ikoje?

Kwa mtoto aliyeungua zaidi ya asilimia 10 tunaanza maji ya mshipani. Kwa mtu mzima wengi huanzia asilimia 15 hadi 20. Maji yenyewe ni Ringa lakteti, kwa sababu yanakaribiana na yale yanayovuja. Salaini ya kawaida ikiwa nyingi huongeza kloridi na kuifanya damu iwe na asidi zaidi, na dekstrosi peke yake itamshushia sodiamu.

Kwa mtoto tunaanza na 3 ml kwa kila kilo kwa kila asilimia:

```
3 ml × 12 kg × 18 = 648 ml kwa saa 24
nusu ya kwanza: 324 ml, iishe saa 8 baada ya kuungua
nusu ya pili:   324 ml, kwa saa 16 zinazofuata
```

Sasa tazama saa. Aliungua saa moja asubuhi, kwa hiyo saa zake nane zinaisha saa tisa alasiri. Kanula imeingia saa nne. Zimebaki saa tano, si nane. 324 gawanya kwa 5 ni karibu 65 ml kwa saa. Ukigawanya kwa 8, kosa ambalo nalikuta mwaka baada ya mwaka, utapata 40 na mtoto atapungukiwa maji katika saa zile zile anazoyahitaji zaidi. Baada ya saa tisa alasiri kasi inashuka hadi kama 20 ml kwa saa. Kama kliniki ilikuwa imeshampa maji ya dripu, yahesabu na uyatoe.

Kwa seti ya watoto yenye matone 60 kwa kila ml, 65 ml kwa saa ni matone 65 kwa dakika. Ukikuta seti ya watu wazima ya matone 20, ni matone 22. Soma pakiti kabla ya kufungua.

Kwa nini kuna chupa ya pili pembeni?

Yale 648 ni ya kufidia kinachovuja. Mtoto huyu bado anahitaji maji ambayo angekunywa siku ya kawaida, tena akiba yake ya sukari ni ndogo na huisha upesi. Kwa hiyo anapewa maji ya mahitaji ya kila siku, yenye chumvi na dekstrosi: 4 ml kwa kila kilo kwa kilo 10 za kwanza, na 2 ml kwa kila kilo inayofuata. Kilo 12 zinatupa 44 ml kwa saa. Ziweke njia mbili tofauti, au angalau bureti mbili zenye lebo. Mkojo ukiwa mdogo unaongeza Ringa tu, ile ya dekstrosi unaiacha ilipo. Wanaochanganya zote kwenye njia moja hujikuta wamemwongezea mtoto sukari wakidhani wanamwongezea maji ya kufidia.

Tutajuaje kwamba hesabu ilikuwa sahihi?

Haitakuwa sahihi kabisa. Fomula inakupa mahali pa kuanzia, mkojo ndio unaokuongoza. Kwa mtoto wa chini ya kilo 30 tunataka 1 ml kwa kila kilo kwa saa, yaani 12 ml kwa huyu. Mtu mzima, nusu ya hapo kwa kila kilo.

Katheta ndiyo bora kwa eneo kubwa hivi. Ikikosekana, pima nepi: ipime ikiwa kavu, andika uzito kwa kalamu juu yake, uipime tena ikiwa imelowa. Gramu moja ni sawa na ml 1. Mizani ya jikoni inatosha.

Saa tano alikuwa ametoa 7 ml. Saa sita, 8. Hapo mwanafunzi alitaka kumwita daktari aagize dawa ya kukojoza. Hapana. Kwanza angalia katheta haijajikunja chini ya paja. Halafu angalia kama dripu inaingia kweli au mkono umevimba kwenye kanula. Vyote vilikuwa sawa, basi Ringa ikaongezwa kwa moja ya tano, kutoka 65 hadi 78. Saa nane mkojo ukafika 13.

Usiku ulikuja upande wa pili. Saa tatu usiku mkojo ulikuwa 30 ml, na muuguzi wa zamu akafurahi. Mkojo mwingi hivyo unamaanisha tunammiminia kupita kiasi, au sukari ya damu iko juu na inavuta maji. Pima sukari. Ikiwa sawa, punguza Ringa kidogo kidogo. Maji ya ziada hayaendi mbali, yanakwenda kwenye nyama: mkono unavimba, jeraha linakosa damu na kuzama zaidi, na aliyeungua shingoni anaweza kuzibwa njia ya hewa. Huyu wetu alikuwa na shingo. Kila saa tulisikiliza sauti yake na kuangalia kama anakoroma.

Na mgonjwa akifika saa nane zikiwa zimeshapita?

Usijaribu kummiminia yote yaliyopotea ndani ya saa moja. Ikiwa viganja ni baridi, mapigo ni ya haraka na ngozi ikibonyezwa inachelewa kurudi rangi, ana mshtuko wa kukosa maji. Mwite daktari, atibiwe mshtuko huo kwa dozi ndogo zinazopimwa upya kila mara. Baada ya hapo fuata mkojo.

Kwenye ngozi nyeusi kina cha jeraha tunakisomaje? Vitabu vinasema "nyekundu."

Vitabu vingi vilipigwa picha za watu wengine. Lakini ngozi ya juu ikishachubuka, ya ndani ni ya waridi kwa kila mtu. Kwa hiyo safisha kwanza, kisha soma kilicho chini ya lengelenge lililopasuka.

Chukua pamba ya kijiti iliyo safi, bonyeza jeraha, achia. Likiwa la waridi, lenye unyevu, likageuka jeupe kisha likarudi rangi ndani ya kama sekunde mbili, na mtoto akaruka kwa maumivu, hilo limeishia sehemu ya juu ya ngozi ya ndani. Hupona kwa wiki mbili hivi. Likiwa na mabaka, jekundu la kuiva hapa na jeupe pale, ukibonyeza halibadiliki au linarudi polepole, na mtoto halalamiki sana, limeshuka hadi sehemu ya chini. Likiwa jeupe kama nta au gumu kama ngozi ya ngoma, lisilohisi chochote, ngozi nzima imekwenda.

Rangi inayowadanganya wengi kwa watoto wa chai ni ule wekundu mkali wa cheri. Unaonekana hai, lakini ukibonyeza haupauki. Hiyo ni damu iliyokwama kwenye mishipa iliyokufa. Usiiandike kuwa ya juujuu kwa sababu tu ni nyekundu.

Kifua cha mtoto wetu kilikuwa cha waridi na kilipauka vizuri. Kwapa na mkono wa juu vilikuwa na mabaka. Tukaandika hivyo, kwa mchoro, pamoja na saa.

Mbona siku ya tatu mliandika kina tofauti? Nani alikosea siku ya kwanza?

Hakuna aliyekosea. Jeraha la moto lina kiini kilichokufa, na kukizunguka kuna eneo lililo hai kwa shida, damu ikipita kwa kusuasua. Eneo hilo linaweza kupona au kufa, na ni siku mbili tatu za kwanza zinazoamua. Ukosefu wa maji, baridi, uvimbe na maambukizi vyote vinalisukuma kufa. Ndiyo maana kina husomwa siku ya kwanza na kurudiwa baada ya saa 48 hadi 72.

Siku ya tatu kifua kilikuwa bado kizuri. Kiraka cha kwapani kilikuwa kimepauka na hakikurudi rangi. Tukamwonyesha daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo, kwa kuwa kwapa likiachwa kupona lenyewe kwa zaidi ya wiki tatu hujikunja, na mtoto hataweza kuinua mkono.

Tupake ile krimu nyeupe ya silva mara tu anapofika?

Najua mkono unaifuata wenyewe, kopo liko kwenye kila troli. Subiri. Silva salfadiazini huacha utando mzito wa kijivu unaofanana na gamba la jeraha, na daktari wa upasuaji akija saa moja baadaye hataweza kusoma kina. Tena kwa jeraha la juu hupunguza kasi ya kupona, na inataka kubadilishwa kila siku, yaani maumivu kila siku. Usiipake usoni, wala kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, wala kwa mwenye mzio wa salfa. Naitunza kwa majeraha ya kina yanayosubiri upasuaji.

Siku ya kwanza mtoto huyu alioshwa kwa salaini vuguvugu, chumba kikiwa kimefungwa madirisha. Joto la mwili wake lilikuwa tayari nyuzi 35.8, kwa hiyo tulifunua sehemu moja, tukaifunga, ndipo tukafunua nyingine. Malengelenge makubwa yaliyolegea na yaliyopasuka yalikatwa, madogo magumu ya mkononi yakaachwa. Juu ya jeraha tuliweka shashi yenye mafuta ya parafini, kisha shashi kavu ya kutosha kunyonya, halafu bendeji isiyobana. Vidole vyake havikuungua; vingeungua, kila kimoja kingefungwa peke yake, maana vidole vibichi vikifungwa pamoja hushikana. Mkono ukainuliwa juu ya mto, na kila saa tukaangalia ncha za vidole kama ni za joto. Mkono ulioungua kuuzunguka wote unaweza kujikaba wenyewe ukivimba.

Antibayotiki za kinga hatukumpa. Chanjo ya pepopunda tuliikagua kwenye kitabu cha kliniki.

Mama alisema, "Sista, sasa ametulia, maumivu yameisha." Tumwandikie sifuri?

Mtoto wa miezi 20 aliyeungua asilimia 18 akinyamaza ghafla, gusa miguu yake kwanza. Ikiwa baridi, huo ni mshtuko. Au sukari imeshuka. Au morfini imezidi. Kutulia kwa kweli unakujua kwa sababu anakutazama, anamtafuta mama, anataka kunyonya.

Kwa umri huu tunapima kwa vitu vitano: uso, miguu, mwili unavyojinyonga, kilio na kama anabembelezeka. Kila kimoja ni 0 hadi 2, jumla 10. Alipofika alikuwa 9. Pima akiwa ametulia kitandani, kisha pima wakati wa kubadilisha bendeji, na uandike zote mbili, kwa sababu ni maumivu mawili tofauti yanayotaka dawa tofauti.

Dawa gani, na lini?

Ya kila siku, kwa saa na si kwa kungoja alie: parasetamoli 15 mg kwa kila kilo kila saa 6, kwake ni 180 mg. Saa za mwanzo morfini ilipita mshipani, kidogo kidogo, 0.05 hadi 0.1 mg kwa kila kilo, kama daktari alivyoandika. Usiichome msuli. Kwenye mshtuko msuli haupati damu ya kutosha, dawa inalala pale, halafu maji yakirudi inaingia yote kwa pamoja na kupumua kunapungua. Ibuprofeni tuliiacha siku ya kwanza, figo zikiwa bado hazina uhakika wa maji.

Tumbo lilipokubali maziwa tukahamia morfini ya kunywa, 0.2 mg kwa kila kilo kila saa 4, yaani 2.4 mg. Kwa dawa ya 1 mg kwa kila ml, hiyo ni 2.4 ml. Kuna chupa zenye nguvu mara kumi ya hiyo. Soma lebo kwa sauti, mwenzako asikie.

Siku ya bendeji, dozi ipewe dakika 45 kabla, si troli ikiwa tayari mlangoni. Loweka bendeji kabla ya kuivuta. Mama akae upande wa kichwa chake, amwimbie. Siku ya tatu ya kusoma kwapa tuliomba mtaalamu wa usingizi atoe ketamini, maana morfini ya kunywa peke yake isingetosha. Wodi ikikosa mtu aliyefunzwa kuitoa na kulinda njia ya hewa, kazi hiyo ifanyike chumba cha upasuaji.

Homa ya siku ya pili, nyuzi 38.4. Ni maambukizi?

Mara nyingi sivyo. Mwili ulioungua hupandisha joto lake wenyewe. Tulifungua bendeji moja, hakukuwa na harufu, usaha wa kijani wala ukingo uliovimba na kuwa mgumu.

Homa ninayoiogopa ni nyingine: nyuzi 39 kwenda juu, kutapika au kuhara, mtoto kuchachamaa kisha kulegea, na upele ambao kwenye ngozi nyeusi utauona vizuri zaidi viganjani na ndani ya midomo. Hiyo ni sumu ya bakteria wa stafilokoka, huja siku ya pili hadi ya nne, hata kwa mtoto aliyeungua kidogo tu na ambaye jeraha lake linaonekana safi. Usingoje majibu ya maabara. Mwite daktari saa ile ile, na mtoto aliyeruhusiwa kwenda nyumbani na bendeji arudishwe hata kama ni usiku. Mama wa mtoto huyu nilimwandikia dalili hizo nyuma ya kadi ya kliniki, nikamwomba anisomee.